Figo, mzio na dawa ya skani: maswali ya kwenye fomu yanatafuta nini

Kabla hujalala kwenye meza ya skani unapewa karatasi yenye maswali. Je, una ugonjwa wa figo? Unatumia metformini? Una mzio wowote? Ulishawahi kudungwa dawa ya kontrasti na ikakusumbua? Watu wengi huijaza kwa haraka kwa sababu mawazo yao yapo kwenye ile mashine. Nimefanya kazi upande wa pili wa karatasi hiyo, na naweza kusema kwamba hata sisi tunaoisoma mara nyingine hatukumbuki kila swali linatafuta nini. Hapo ndipo maamuzi yanapokwenda kombo.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa miaka 68. Ana kisukari na anatumia metformini. Amekuwa na maumivu ya tumbo kwa wiki kadhaa, amepungua uzito, na daktari wake anataka skani ya CT ya tumbo yenye kontrasti, yaani dawa ya iodini inayodungwa mshipani ili viungo vionekane kwenye picha, aione vizuri kongosho. Kwenye fomu kreatinini yake imeandikwa 1.4 mg/dL. Penye mzio ameandika "kamba", yaani kamba wa baharini, halafu akaongeza: "Nilipigwa skani miaka ya nyuma, nikatokwa na vipele." Aliyepokea fomu anatazama mambo hayo matatu na kutoa uamuzi unaoonekana wa busara: mama huyu figo zake ni dhaifu na ana mzio wa iodini, basi asipewe iodini, apelekwe MRI akadungwe gadoliniamu, ambayo haina shida.

Uamuzi huo una makosa manne, na kuyafungua moja moja ndiyo njia nzuri ya kuielewa mada hii.

Dawa mbili zisizo na undugu

Kontrasti ya CT imejengwa kwa iodini. Mionzi ya eksirei hupita kwa urahisi kwenye nyama na maji, lakini hukwama inapokutana na atomi kubwa zenye elektroni nyingi, na iodini ina elektroni 53. Ikiingia kwenye mshipa, damu inang'aa nyeupe kwenye picha na kila kiungo chenye damu nyingi kinang'aa nayo. Uvimbe wa kongosho mara nyingi hupata damu kidogo kuliko kongosho lenyewe, kwa hiyo huonekana kama doa jeusi katikati ya weupe. Bila kontrasti, doa hilo na kongosho vina rangi moja ya kijivu na unaweza kulipita bila kuliona.

Gadoliniamu haifanyi kazi hiyo. MRI haitumii eksirei. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na inachosikiliza ni haidrojeni iliyo ndani ya maji ya mwili. Gadoliniamu iliyo ndani ya dawa ina elektroni saba zisizo na wenza, na hizo huifanya kuwa kama kijisumaku kinachoharakisha haidrojeni ya jirani kurudi katika hali yake ya kawaida. Mashine inapokea ishara yenye nguvu zaidi kutoka mahali hapo, nalo linang'aa. Tunachokiona kwenye picha, basi, ni maji yaliyoguswa na gadoliniamu, si gadoliniamu yenyewe.

Wingi wa dawa nao unatofautiana sana. Kwa CT ya tumbo mtu hudungwa takribani mililita 100, na ikiwa kila mililita ina miligramu 350 za iodini, mwilini zimeingia gramu 35. Kwa MRI kipimo cha kawaida ni milimoli 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Mama yetu akiwa na kilo 65, na dawa ikiwa ya ukali wa kawaida wa nusu moli kwa lita, hiyo ni mililita 13 tu. Dawa zote mbili hutoka kwa njia moja, yaani kupitia figo kwenda kwenye mkojo, na mtu mwenye figo nzima huzitoa karibu zote ndani ya saa 24. Kwa kuwa mlango wa kutokea ni uleule, swali la figo linaulizwa kwa zote mbili, na watu hudhani linaulizwa kwa sababu moja.

Kreatinini 1.4 ni nini hasa

Kreatinini ni taka ya misuli. Misuli huimwaga kwenye damu kila siku kwa kiasi kisichobadilika sana, nazo figo huichuja. Figo zikilegea, taka inarundikana. Tatizo ni kwamba namba yenyewe haisemi kitu mpaka ujue inatoka kwa nani. Mwenye misuli mingi huzalisha kreatinini nyingi hata kama figo zake ni nzima, na mzee aliyekonda huzalisha kidogo hata kama figo zake zimechoka.

Kwa hiyo tunatumia makadirio ya uchujaji yanayoitwa eGFR, yanayochanganya kreatinini, umri na jinsia. Ukiingiza kreatinini ya 1.4 na umri wa miaka 68 kwenye fomula ya CKD-EPI ya mwaka 2021, kwa mwanamke unapata takribani 41. Sasa ichukue 1.4 ileile umwekee kijana wa kiume wa miaka 25: unapata takribani 72. Karatasi ya maabara ni ileile, lakini wa kwanza figo zimepungua nguvu kwa kiasi cha kati na wa pili hakuna anayehitaji kumkawiza. Ndiyo maana ukiulizwa "kreatinini yako ikoje" na mtu akaridhika na namba hiyo peke yake, ujue hajamaliza hesabu.

eGFR nayo ina mahali inapodanganya. Inadhani figo zimetulia. Mtu aliyepoteza damu nyingi usiku au aliyeingia kwenye mshtuko wa maambukizi asubuhi anaweza kuwa na figo zilizosimama kabisa huku kreatinini yake ikiwa bado nzuri, kwa sababu taka huchukua siku moja au mbili kurundikana. Kwa mgonjwa wa namna hiyo namba ya jana haimaanishi lolote, na unachopaswa kutazama ni mkojo anaotoa.

Mama yetu ana vipimo vya miezi iliyopita vyenye namba zinazokaribiana. Figo zake zimetulia, eGFR ni 41. Je, iodini itamuumiza?

Kwa miongo kadhaa jibu lilikuwa ndiyo, na hofu ilikuwa na chanzo. Dawa za zamani zilikuwa nzito mno: mkusanyiko wa chembe ndani yake ulizidi wa damu mara tano au zaidi. Zilivuta maji kutoka kwenye seli, zilichoma mishipa, na mara nyingi zilimwagwa kwa wingi moja kwa moja kwenye ateri. Aliyeanza kulitatua jambo hili ni daktari wa radiolojia wa Uswidi, Torsten Almén, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba alijua tangu utotoni kuwa kufumbua macho ndani ya bahari yenye chumvi nyingi kunachoma, ilhali kwenye maji ya bahari yenye chumvi kidogo hakuchomi. Akajiuliza kwa nini dawa ya mshipani isitengenezwe kwa mantiki hiyohiyo. Dawa za wakati ule zilivunjika vipande viwili ndani ya maji ili kubeba atomi tatu za iodini. Yeye akapendekeza molekuli isiyovunjika, ili chembe zipungue nusu bila iodini kupungua. Kizazi kilichotokana na wazo hilo, kama ioheksoli na iopamidoli, ndicho kilicho kwenye sindano nyingi leo, na kipo pia iodiksanoli ambayo mkusanyiko wake unalingana na wa damu.

Lakini sehemu kubwa ya hofu ilitokana na namna tulivyohesabu. Mgonjwa anadungwa kontrasti, baada ya siku mbili kreatinini imepanda, tunasema kontrasti imefanya. Hakuna aliyemhesabu mgonjwa wa kitanda cha pili ambaye hakudungwa chochote. Watafiti wa Mayo Clinic walipofanya hivyo, katika tafiti zilizochapishwa kuanzia mwaka 2013, waliwalinganisha maelfu ya wagonjwa waliofanana kwa umri, maradhi na hali ya figo, wengine wakiwa wamepigwa CT yenye kontrasti na wengine CT bila kontrasti. Kreatinini ilipanda kwa viwango vinavyokaribiana pande zote mbili. Wagonjwa wa hospitalini kreatinini yao hupanda na kushuka kwa sababu ya homa, kuhara, dawa za maumivu, presha kushuka na mengine mengi. Kontrasti ilikuwa karibu na tukio, ikabebeshwa lawama.

Ndiyo maana lugha imebadilika. Kilichoitwa zamani madhara ya figo *yaliyosababishwa* na kontrasti sasa huitwa madhara *yanayofuatana* nayo, mpaka pale mtu atakapothibitisha kisababishi. Tahadhari moja lazima niiseme: tafiti hizo hazikuwagawa watu kwa bahati nasibu. Daktari aliyehofia figo za mgonjwa wake huenda alimnyima kontrasti, na ulinganisho wa makaratasi hauwezi kuondoa upendeleo huo wote. Kwa hiyo kwa wenye eGFR chini ya 30, au ambao figo zimeumia ghafla, miongozo bado inataka tahadhari. Hapo ndipo maji ya mshipani hutolewa kabla na baada, na daktari hutakiwa kuthibitisha kwamba picha ina faida inayozidi hatari. Ikiwa dawa inapelekwa kwa ateri juu ya figo, kama kwenye baadhi ya vipimo vya moyo, miongozo ya Ulaya huanza tahadhari chini ya 45. Mstari wa 60 ambao wengi waliukariri umebaki kwenye fomu za zamani.

Mama yetu ana 41 na dawa itapita kwenye vena ya mkono. Yuko upande salama wa mstari. Hata yale maji ya mshipani hayahitaji: jaribio la Uholanzi lililoitwa AMACING, lililochapishwa mwaka 2017, liliwagawa wagonjwa 660 wenye figo za kiwango kama chake kwa bahati nasibu, nusu wakatundikiwa maji na nusu wasipewe kitu. Figo za waliokosa maji hazikufanya vibaya zaidi, na baadhi ya waliotundikiwa walielemewa moyo kwa maji yenyewe. Anachotakiwa ni kunywa maji yake kama kawaida, asije akiwa amekauka kwa kufunga kula na kunywa tangu jana yake.

Na metformini? Hapa kuna mkanganyiko ambao siuchoki kuufafanua. Metformini haigombani na kontrasti. Hazikutani popote kwa ubaya. Wasiwasi ni wa hatua mbili: figo zikisimama kwa sababu yoyote, metformini haitoki, na ikirundikana inaweza kuongeza asidi ya laktiki kwenye damu mpaka kiwango cha hatari. Kwa hiyo anayesimamisha metformini ni mwenye eGFR chini ya 30 au aliyeumia figo ghafla: huiacha wakati wa skani na kuirudia baada ya saa 48 figo zikiwa zimepimwa tena. Mwenye 41 iliyotulia na anayedungwa kwenye vena anaendelea na vidonge vyake, isipokuwa ana tatizo jingine kama moyo au ini kushindwa kazi, jambo ambalo daktari wake ndiye atakayelipima.

Swali lilelile la figo, sababu nyingine kabisa

Sasa turudi kwa yule aliyesema "apelekwe MRI akadungwe gadoliniamu, haina shida". Kwa kipimo cha kawaida ni kweli gadoliniamu haitarajiwi kuziumiza figo. Lakini kwenye fomu ya MRI swali la figo haliulizi kama dawa itaumiza figo. Linauliza kama figo zitaitoa dawa kabla haijafunguka.

Gadoliniamu ikiwa peke yake ni sumu. Ukubwa wake unakaribiana na wa kalsiamu, basi huingia mahali ambapo kalsiamu hufanya kazi na kukwamisha shughuli. Ili idungwe kwa usalama hufungiwa ndani ya molekuli nyingine inayoishika kama kizimba. Vizimba viko vya aina mbili. Kuna vya mnyororo ulionyooka, ambao unajikunja kuizunguka atomi lakini ncha zake ziko wazi, na kuna vya pete iliyofungwa, ambayo atomi imekaa katikati yake. Mwilini daima zipo chembe nyingine, kama zinki, zinazogombea nafasi ndani ya kizimba. Kwa mtu mwenye figo nzima dawa hukaa muda mfupi, nusu yake ikiwa imeondoka kwa saa moja na nusu hivi, na hata kizimba dhaifu hakipati muda wa kufunguka. Kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, muda huo unaongezeka mara nyingi. Mnyororo unalegea, gadoliniamu inatoka.

Yaliyofuata yalionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1997 kwa wagonjwa wa figo: ngozi ya miguu na mikono inakuwa nene na ngumu kama gome la mti, viungo vinakakamaa, wengine wanaishia kitandani, na ugumu huo unaweza kufika mpaka viungo vya ndani. Ugonjwa ulielezwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 2000, ukaja kuitwa NSF, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyejua chanzo chake. Ni mwaka 2006 ambapo madaktari wa Austria na Denmark walitambua kwamba wagonjwa wao wote walikuwa wamedungwa gadoliniamu wiki au miezi kabla. Dawa iliyotajwa zaidi ilikuwa gadodiamidi, ambayo ina kizimba cha mnyororo.

Hospitali zilipoacha kuwapa wagonjwa wa figo dawa za mnyororo na kuhamia za pete, kama gadobutroli na gadoterati, wagonjwa wapya wakawa adimu sana. Uchambuzi mmoja uliojumlisha wagonjwa 4931 wenye figo dhaifu mno waliopewa dawa za kundi lililo salama haukupata hata mgonjwa mmoja wa NSF. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilisimamisha dawa kadhaa za mnyororo, ikiwemo gadodiamidi, baada ya kuthibitika pia kwamba mabaki kidogo ya gadoliniamu hubaki kwenye ubongo hata kwa wenye figo nzima. Mabaki hayo hayajaonyeshwa kuleta ugonjwa wa ubongo, lakini dawa za mnyororo huacha mengi kuliko za pete, na hiyo ilitosha.

Kwa hiyo mtu wa eGFR 41 anaweza kudungwa gadoliniamu pia, ya pete, bila tatizo. Kosa la yule aliyepokea fomu halikuwa kuitaja MRI. Kosa lilikuwa kudhani kwamba gadoliniamu ni kimbilio la figo mbovu. Kwa mgonjwa ambaye figo zimesimama kabisa na yuko kwenye mashine ya kusafisha damu, hali inaweza hata kugeuka: kama figo zake hazitoi tena mkojo, iodini haina cha kuharibu pale na skani ya CT hufanyika bila kukimbizana na ratiba ya mashine, ilhali gadoliniamu ndiyo inayopangwa ili ifuatwe na kusafishwa damu mapema.

"Mzio wa iodini"

Sasa kamba. Imani kwamba anayedhurika na kamba, kaa au chaza asipewe kontrasti ni ya tangu miaka ya 1970, na inasimama juu ya hoja moja: viumbe wa baharini wana iodini, dawa ina iodini. Lakini mwenye mzio wa kamba anadhurika na protini ya misuli yao iitwayo tropomiosini. Iodini haihusiki. Isitoshe, kila mtu aliye hai ana iodini ndani yake, kwani homoni za tezi ya shingo zimejengwa kwayo na mtu mzima huhitaji takribani maikrogramu 150 kila siku. Mwili wenye mzio wa iodini usingedumu. (Tezi ndiyo mahali pekee ambapo iodini yenyewe ina kesi ya kujibu: zile gramu 35 huwa na chembe huru chache ambazo zinaweza kuichochea tezi iliyokwisha kuwa na goita, na aliyepangiwa matibabu ya iodini yenye mionzi husubiri wiki kadhaa. Lakini huo si mzio.)

Mwenye mzio wowote, wa kamba, wa karanga au wa vumbi, ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko wengine wa kusumbuliwa na kontrasti, mara mbili au tatu, kutoka kwenye kiwango ambacho ni kidogo tangu mwanzo. Kamba hawana upekee wowote. Mama yetu hakatazwi chochote kwa ajili yao.

Vile vipele vya miaka ya nyuma ndivyo muhimu, na cha kusikitisha ni kwamba aliviandika chini ya kamba, kama jambo la ziada. Aliyesumbuliwa na dawa ya kundi fulani ana uwezekano wa takribani mara tano wa kusumbuliwa tena na dawa ya kundi hilo. Hapo maswali yanayofuata ni ya upelelezi:

"Mama, vipele vilikuwa vya namna gani?"

"Viliwasha, vikavimba kama nimeumwa na wadudu. Kifuani na shingoni."

"Baada ya muda gani?"

"Bado niko pale kwenye kiti, hata hawajanitoa sindano."

"Kifua kilibana? Sauti ilikwama? Ulizimia?"

"Hapana. Walinipa kidonge, vikaisha."

Hiyo ni athari ya namna ya mzio, nyepesi, iliyotokea mara moja. Angesema "nilisikia joto mwili mzima, mdomo ukawa na ladha ya chuma, nikadhani nimejikojolea", ningefuta neno mzio kwenye faili lake, kwa sababu joto hilo ni mishipa inayotanuka dawa inapopita, nalo huwapata wengi. Kutapika nako ni hivyohivyo. Nimeona mafaili yaliyoandikwa "MZIO WA IODINI" kwa herufi nyekundu kwa ajili ya joto la sekunde 30, na mgonjwa akanyimwa picha nzuri kwa miaka.

Swali la mwisho ndilo adimu kupata jibu: ilikuwa dawa gani? Tukijua ilikuwa ioheksoli, leo tunampa nyingine, tuseme iopamidoli, tukizingatia kwamba baadhi ya dawa hizi zinafanana umbo kuliko nyingine. Kubadilisha dawa kumeonekana kupunguza marudio kuliko ile desturi ya kumeza steroidi, yaani prednisoni miligramu 50 saa 13, saa 7 na saa 1 kabla ya skani. Steroidi huzuia baadhi tu ya matukio, na huhitaji saa nyingi kufanya kazi, kwa hiyo sindano ya haraka mlangoni ni ya kutuliza nafsi zetu. Miongozo ya Ulaya imeacha kuzipendekeza. Kwa mwenye kisukari kama mama huyu, dozi tatu za namna hiyo zingepandisha sukari yake pia. Na hapa ndipo MRI ingekuwa na haki ya kutajwa: mzio wa kontrasti ya iodini hauhamii kwenye gadoliniamu, wala wa gadoliniamu hauhamii kwenye iodini, ingawa gadoliniamu nayo inaweza kuleta mzio wake, mara chache zaidi.

Athari kali kwa dawa za kisasa za iodini ni takribani watu 4 kwa kila 10,000, na nyingi huanza ndani ya dakika 20 za kwanza. Ndiyo maana mtu huombwa asubiri nusu saa akiwa na kanula mkononi. Kinachotushinda wakati mwingine ni kutofautisha mambo mawili ambayo yote humwangusha mtu. Wa kwanza amepauka, ana jasho jembamba, presha 80 kwa 50, na mapigo ya moyo 44 kwa dakika. Huyo ni neva tu, kama anayezimia akiona sindano: miguu inainuliwa, anapewa maji ya mshipani, na mapigo yasipopanda anapewa atropini. Wa pili ana presha ileile lakini mapigo yanakimbia 125, ngozi imejaa vipele au imekuwa nyekundu, kifua kinapiga filimbi. Huyo anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja upande wa nje, miligramu 0.3 hadi 0.5 kwa mtu mzima, papo hapo. Kosa linaloua ni kuanza na dawa ya kutuliza mwasho na haidrokotisoni ukisubiri uone. Angalizo: mwenye kutumia dawa za kushusha mapigo, kama atenololi, huenda mapigo yake yasikimbie hata akiwa kwenye mzio mkali, hapo ngozi na kifua ndivyo vya kuamini.

Vipo pia vipele vya kuchelewa, kuanzia saa moja mpaka wiki moja baada ya sindano. Huwasha, huudhi, na kwa kawaida huisha vyenyewe, ila homa, malengelenge au vidonda vya mdomoni vikiongezeka mtu arudi hospitali siku hiyohiyo.

Mama yetu, basi, alistahili CT ile aliyoandikiwa tangu mwanzo: dawa ya iodini tofauti na ya zamani, mililita 100 kwenye vena, metformini ikiendelea, kamba wakifutwa kwenye orodha ya vizuizi, na nusu saa ya kukaa akitazamwa. Kwenye faili badala ya "mzio wa iodini" paandikwe jina kamili la dawa iliyomsumbua, vipele, dakika vilipoanza, na kilichovituliza. Chini yake paandikwe jina la dawa ya leo, na kwamba amekaa dakika 30 bila kuwashwa. Nakala ya maandishi hayo aondoke nayo mkononi.